GTX 1080 Ti na Alan Wake 2: uzoefu wangu na kadi kubwa iliyopitwa na kadi ndogo

Agosti 2023 nilinunua kadi ya michoro ya mtumba, GTX 1080 Ti. Muuzaji aliniambia kwamba hii ni kadi ya wanaume, hakuna gemu litakaloishinda. Sikumbishia, maana kwa magemu niliyokuwa nayo ilikuwa kweli. Kadi hii ilitoka Machi 2017, ina kumbukumbu ya gigabaiti 11 na viini 3584, na kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo mwisho wa maneno. Niliifunga kwenye mashine yenye Ryzen 5 3600 na ramu ya gigabaiti 16, nikacheza miezi miwili bila kugusa mipangilio.

Kisha tarehe 27 Oktoba 2023 ikatoka Alan Wake 2.

Niseme mapema kwamba gemu lenyewe halikunidanganya. Kwenye mahitaji yake waliandika wazi kwamba kadi ya chini kabisa ni RTX 2060 au RX 6600. Mimi nikajifanya mjuaji: 1080 Ti inaipita 2060 kwenye magemu mengi ya zamani, basi namba hizo za nini? Nilipolifungua likanionya tena kwamba kadi yangu haina mesh sheda na huenda mambo yasiende sawa. Nikabofya kuendelea.

Mwanzo hakuna shida kubwa. Shida inaanza pale Saga Anderson anapoingia msituni karibu na ziwa la Cauldron. Miti, majani, mizizi, kokoto, magome yenye mikunjo, kila kitu kimeumbwa kwa pembetatu nyingi mno. Nilikuwa 1080p, mipangilio yote chini, FSR, ile teknolojia ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza, kwenye Quality, na fremu zilicheza kati ya 24 na 28 kwa sekunde. Nikigeuka kutazama ziwa, zinapanda. Nikigeuka kutazama miti, zinaanguka. Picha ilikuwa nzito kama mtu anayetembea ndani ya tope.

Jambo la kwanza ambalo kila mchezaji hufanya ni kupunguza rezolusheni. Nikahamisha FSR kutoka Quality hadi Performance, yaani kadi sasa inachora picha ya ndani ya 960 kwa 540 tu kisha inaikuza. Kwa gemu la kawaida hapo fremu zinaruka juu sana. Kwangu zilifika 31. Prosesa nayo ilikuwa imetulia, haijafika hata nusu ya uwezo wake. Halafu nikaona kitu kilichonishangaza zaidi: kadi ilikuwa inasema inatumika asilimia 99, lakini inakula wati kama 170 tu, wakati kwenye magemu mengine hugonga 250 na feni zinapiga kelele kama mashine ya kusaga. Hapa feni zilikuwa kimya.

Dalili hizo tatu zikija pamoja, usihangaike na rezolusheni wala usimlaumu fundi aliyebadilisha pesti ya joto. Kadi imekwama kwenye hatua ya kuandaa maumbo, kabla hata ya kupaka rangi. Viini vingi vimekaa tu vinasubiri kazi, ndiyo maana umeme hauliwi. Na kupunguza rezolusheni kunapunguza nukta za kupaka rangi, si idadi ya pembetatu. Jani lililokuwa na pembetatu 20 bado lina pembetatu 20 hata ukicheza kwenye kioo cha simu.

Sasa, mesh sheda ni nini hasa? Katika njia ya zamani, umbo likishatumwa kwenye kadi, kuna kitengo cha maunzi kinachosoma orodha ya vipeo (zile pembe za pembetatu) na kuvigawa. Programu ndogo inayoitwa vateksi sheda inashughulikia kipeo kimoja kimoja. Haijui jirani yake ni nani, haijui kama pembetatu yake imetazama upande wa pili au imejificha nyuma ya kilima. Hesabu inafanyika kwanza, kisha ndipo pembetatu isiyoonekana inatupwa. Ni sawa na kupakua gunia zima, ukapepeta punje kwa punje, ndipo unaambiwa gunia hilo lilikuwa la duka jingine.

Njia mpya inalikata umbo mapema kuwa vifurushi vidogo vinavyoitwa meshleti, kwa kawaida vipeo 64 na pembetatu zisizozidi 126 kwa kifurushi. Kwenye kadi, kundi la nyuzi linachukua kifurushi kizima. Kabla ya hapo kuna hatua nyingine inayotazama kifurushi kwa ujumla na kuuliza: kipo ndani ya macho ya kamera? Kimegeuza mgongo? Kimezibwa na ukuta? Jibu likiwa baya, kifurushi chote kinaachwa bila kipeo hata kimoja kupigiwa hesabu. Kwa mti ambao nusu yake imefichwa na mwamba, nusu hiyo haigharimu karibu chochote.

Mtu atauliza, kwani kadi ya zamani haiwezi kufanya uchambuzi huo kwa programu tu? Inaweza, ila kwa mzunguko. Lazima kwanza uendeshe programu ya hesabu ipitie vifurushi, iandike kwenye kumbukumbu ya kadi orodha ya pembetatu zilizobaki, kisha kile kitengo cha zamani kiisome orodha hiyo upya. Kuandika na kusoma huko, kila fremu, kwa msitu mzima, ndiko kunakokula muda. Mesh sheda inamalizia kazi ndani ya chipu bila safari hiyo ya kwenda stoo na kurudi.

Uthibitisho niliupata sebuleni kwa dada yangu. Mwanawe ana GTX 1660 Super, kadi ya Oktoba 2019 yenye viini 1408 na gigabaiti 6. Ukiiweka kando ya yangu ni kama pikipiki kando ya Scania. Tulifungua gemu lilelile, mipangilio ileile, msitu uleule. Yake ilikuwa 30 hadi 33, na imetulia.

“Mjomba, si ulisema yangu ni ya kuangalizia filamu?” akaniambia, huku anajifanya hanitazami.

Sikuwa na jibu la maana siku ile. Jibu ni kwamba 1660 imetoka kwenye ukoo wa Turing, ulioanza 2018, na ukoo huo ndio ulioleta mesh sheda kwa kadi za NVIDIA. Yangu ni ya ukoo wa Pascal, haina. Upande wa AMD mesh sheda zilianza na RX 6000 mwaka 2020. Hapo kuna mtego, maana RX 5700 XT ni ya 2019, changa kuliko RTX 2060 kwa miezi kadhaa, lakini inaangukia upande wangu. Usipime kwa mwaka wa kutengenezwa wala kwa ukubwa wa kumbukumbu.

Usipime pia kwa dxdiag. Watu wengi wanashauriana wafungue dxdiag, kile chombo cha Windows cha kuonyesha taarifa za kadi, watazame kama kiwango cha vipengele vya DirectX kimeandikwa 12_2. RTX 2060 inaandika hivyo, sawa. Lakini 1660 ya mpwa wangu inaishia 12_1, sawasawa na 1080 Ti yangu, kwa sababu 12_2 inadai kifurushi kizima cha vipengele ikiwemo rei tresing, yaani kufuatilia miale ya mwanga, na 1660 haina maunzi ya rei tresing. Ukisoma hapo tu utadhani kadi zetu ni ndugu. Afadhali ufungue dirisha la amri uandike hivi:

```
vulkaninfo | findstr mesh_shader
```

Kwake ilitokea mistari yenye VK_EXT_mesh_shader. Kwangu hakikutokea kitu. Usipopenda kuandika amri, GPU-Z ina ukurasa wa Advanced wenye orodha ya DirectX 12 ambamo mesh sheda zimetajwa kwa jina.

Niliacha kucheza. Machi 2024 likaja sasisho lililoboresha ile njia ya zamani kwa kadi zisizo na mesh sheda. Nililipakua bila matumaini, nikarudi palepale msituni: 41 hadi 45. Wati nazo zikapanda, feni zikaanza kulalamika, na kwa mara ya kwanza nilifurahia kelele hizo. Gemu nikalimaliza kwa kadi hiyohiyo. Kwa hiyo si kweli kwamba Pascal ilikuwa haiwezi kabisa. Ilihitaji mtu akae aitengenezee njia yake, na kazi hiyo ni ya ziada. Alan Wake 2 halikutolewa kwa PS4 wala Xbox One. Waundaji walipanga kila kitu kwa PS5, Xbox Series na kadi mpya, halafu njia ya zamani ikawa kama mlango wa uani: upo, lakini lazima mtu aufagie na kuujaribu upya kila gemu linapobadilika.

Na si kila gemu lina mlango wa uani. Final Fantasy VII Rebirth, lililokuja kompyuta Januari 2025, linadai DirectX 12 Ultimate, ambayo mesh sheda ni sehemu yake, na kwenye 1080 Ti linatoa ujumbe wa kosa kisha linajifunga. Hakuna cha fremu 24 hapo, hakuna picha hata moja. Indiana Jones and the Great Circle la Desemba 2024 linadai maunzi ya rei tresing, kuanzia RTX 2060 Super kwa upande wa NVIDIA. Siku ile mpwa wangu naye alinyamaza, maana mesh sheda zake hazikumsaidia kitu.

Kama unauziwa 1080 Ti leo, bei ndiyo itakayoamua. Kwa magemu ya kabla ya 2022 ni kadi nzuri bado, gigabaiti 11 si mchezo. Kwa magemu mapya nisingeichukua hata kwa bei ya kutupa, na tena NVIDIA ilishatangaza kwamba dreva za magemu kwa Pascal zimefikia mwisho Oktoba 2025, zimebaki za usalama tu. Yangu nimeihamishia kwenye mashine ya kuhariri video za harusi. Nafasi yake nimeweka RTX 2060 ya mtumba, gigabaiti 6, na kabla sijalipa nilimwomba muuzaji aiwashe, nikaandika ile amri mbele yake. Alinitazama kama mtu anayeng'ata shilingi kuona kama ni ya kweli.