Baada ya kunyoa ndevu Dodoma: balmu kwanza, kolonya iende kwenye shati

Mwanaume akiingia duka la vipodozi pale Majengo kutafuta kitu cha kupaka baada ya kunyoa, mara nyingi huomba "ile inayowasha". Muuzaji humpa aftashevu ya maji, na ikiwa imekwisha humpa kolonya, kwa kuwa chupa zimepangwa rafu moja, rangi zinafanana na zote zinanukia. Lakini kazi zake ni mbili tofauti. Aftashevu hutengenezwa kwa ajili ya ngozi iliyotoka kunyolewa. Kolonya, ambayo wengi huiita pafyumu tu, ni manukato ya kujipulizia. Na kwa anayenyoa kwa wembe katika ukavu wa Dodoma, ipo bidhaa ya tatu inayozishinda zote mbili: balmu, yaani losheni ya baada ya kunyoa.

Kwanza tuelewe huo muwasho, maana ndio unaowafanya watu wanunue vibaya. Wembe haukati nywele peke yake. Unaparua pia tabaka la juu kabisa la ngozi, lile linalozuia maji yasitoke mwilini na vitu vya nje visiingie. Chini yake kuna miisho ya neva yenye vipokezi vya joto, ambavyo kwa kawaida huamka joto linapofika kama nyuzi 42. Alkoholi ikivifikia, kiwango hicho hushuka hadi karibu nyuzi 34, ambalo ni joto la kawaida la ngozi yako. Ndiyo maana unahisi moto wakati hakuna kilichoungua: neva zinaripoti joto la mwili wako mwenyewe kana kwamba ni hatari.

Kwa hiyo muwasho si alama kwamba vijidudu vinakufa. Ni kweli alkoholi yenye nguvu huua vijidudu, lakini haikuambii hivyo kwa kuwasha. Ukiwashwa sana leo kuliko juzi kwa chupa ileile, maana yake leo umejiparua zaidi: wembe umechakaa, ulinyoa kavu, au ulipita mara nyingi sehemu moja. Muwasho wa kawaida hukatika ndani ya nusu dakika hivi. Ukiendelea dakika tano na ngozi ikabaki nyekundu au ya moto ukiigusa, osha kwa maji mengi ya baridi na usirudie chupa hiyo usoni.

Alkoholi ina madhara mengine yasiyosikika papo hapo. Huyeyusha mafuta ya asili ya ngozi na kuyaacha maji yakitoka. Mtu wa Tanga au Dar es Salaam anaweza kuvumilia hilo kwa sababu hewa yake ina unyevu. Hapa kwetu, kuanzia Juni hadi Septemba, hewa ni kavu, upepo unavuma kutwa na vumbi halina mwisho. Mtu anapaka aftashevu kali saa 1 asubuhi, kufika saa 5 mashavu yamekakamaa na yanatoa unga mweupe.

Kwa sababu hiyo nafasi ya kwanza naipa balmu isiyo na alkoholi. Chukua kopo, geuza, soma orodha ya viambato. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi. Balmu nzuri huanza na maji, kisha gliserini inakuwa karibu na mwanzo, na mahali fulani utakuta panthenoli, alantoini au shubiri, ambavyo hutuliza ngozi. Kama alkoholi imeandikwa ya pili mara baada ya maji, hiyo si balmu hata kama mbele wameandika hivyo. Usiogope ukiona alkoholi ya setili au ya setearili: hizo ni za jamii ya mafuta mazito, hulainisha wala haziwashi. Na harufu ikiwa kidogo au haipo kabisa, ndiyo bora zaidi, maana manukato ni miongoni mwa vitu vinavyoleta mzio wa ngozi mara kwa mara.

Kiasi ndicho wengi wanakosea. Kwa uso mzima na shingo inatosha balmu ya ukubwa wa punje moja ya karanga, takriban mililita 1. Osha uso kwa maji ya baridi, kausha kwa kubonyeza taulo safi bila kusugua, acha ngozi ibaki na unyevunyevu. Sambaza balmu viganjani, anza na shingo na chini ya taya ambako wembe huumiza zaidi, kisha mashavu, mwisho juu ya mdomo. Ibonyeze kwa kufuata uelekeo wa ndevu. Baada ya dakika 2 gusa shavu: ukihisi utelezi, umezidisha, na vumbi la barabarani litaganda hapo. Ukihisi ngozi inavuta unapotabasamu, ongeza kidogo mahali hapo tu.

Hesabu yake pia ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Tuseme kopo la mililita 100 umeuziwa shilingi 15,000. Kwa mililita 1 kila unyoaji utanyoa mara 100, sawa na shilingi 150 kwa mara moja. Aftashevu ya maji ya ujazo huohuo inayouzwa shilingi 10,000, ukiimwaga kiganjani mililita 3 kama wengi wanavyofanya, inaisha baada ya mara 33 hivi, na kila mara imekula kama shilingi 300. Ile iliyoonekana rahisi imekugharimu maradufu.

Nafasi ya pili ni jeli ya shubiri isiyo na alkoholi. Inapoza haraka na haiachi mafuta, hivyo inamfaa mwenye uso wa mafuta. Udhaifu wake ni kwamba peke yake haizuii maji kutoka. Wakati wa upepo pakaza juu yake mafuta mgando kidogo sana sehemu zinazokauka.

Ya tatu ndiyo aftashevu ya maji yenye alkoholi. Siitupi. Kwa mtu mwenye ngozi ya mafuta, anayenyoa mara moja kwa wiki na hana vipele, inamfaa, hasa miezi ya mvua. Achukue kiasi cha kulowanisha vidole, chini ya nusu kijiko cha chai, abonyeze mashavuni bila kupiga makofi, kisha baada ya dakika 1 apake balmu juu yake. Asiiweke kwenye mchubuko unaotoa damu. Hapo shabu inafanya kazi bora kwa bei ndogo: lowanisha kipande, gusisha palipokatika, subiri kama dakika 1, suuza. Kipande hicho kiwe chako peke yako.

Kolonya naiweka ya nne, na kwa uso ulionyolewa naikataa kabisa. Sehemu kubwa ya chupa ni alkoholi, kwa kawaida asilimia 70 na kuendelea, na haina kitu cha kutuliza ngozi. Iliyobaki ni manukato, na kolonya za asili, tangu ile aliyoitengeneza Johann Maria Farina mjini Köln, Ujerumani, mwaka 1709, hujengwa juu ya mafuta ya machungwa na ya bergamoti, tunda la jamii hiyohiyo. Mafuta ya bergamoti yasiyosafishwa yana kemikali inayoamshwa na miale ya jua. Ukijipaka shingoni na kutoka juani, ngozi inaweza kuungua na kuacha mabaka meusi yanayofuata michirizi ya matone. Watengenezaji makini wa leo huiondoa au kuipunguza kemikali hiyo. Chupa ya kughushi haikupi uhakika huo, na jua la Dodoma halina huruma.

Nitoe mfano wa mteja mmoja, mtumishi anayeishi Nkuhungu na kufanya kazi Mji wa Serikali, Mtumba. Alikuwa ananyoa kila asubuhi kwa wembe wa kutupa, akimaliza anapuliza kolonya shingoni moja kwa moja. Alikuja akitafuta dawa ya "fangasi": vipele vigumu chini ya taya, vingine na usaha, na weusi uliozunguka. Nilimwomba ainue kidevu karibu na mlango penye mwanga. Ndani ya baadhi ya vipele unywele ulionekana umejikunja na kurudi ndani ya ngozi. Hivyo ni vipele vya ndevu, vinavyotusumbua sana sisi wenye nywele za kipilipili, na krimu ya fangasi haivigusi. Kolonya haikuvileta, ila ilikuwa inachokoza kila kidonda kila asubuhi.

Nilimwambia, "Kaka, wembe uweke chini kwanza." Aliacha kunyoa kwa wembe, akawa anapunguza kwa mashine na kubakiza kama milimita 1, asubuhi na jioni anapaka balmu isiyo na harufu, kolonya anapuliza kwenye shati. Moto wa asubuhi ulikoma siku ileile. Vipele vilichukua wiki kadhaa kutulia, na weusi ulikwenda polepole zaidi, kwa miezi. Balmu haiondoi unywele uliozama. Kilichosaidia hapo ni kuacha kukata chini sana. Vipele vikijaa usaha au vikiacha makovu yaliyovimba, mahali pake ni hospitali, kwa daktari wa ngozi.

Kwa anayeipenda kolonya yake, mipulizo 2 au 3 inatosha, kutoka umbali wa sentimita 15 hivi, kifuani chini ya shati au kwenye kitambaa chenye rangi, kwani kitambaa cheupe kinaweza kushika doa. Itadumu kama saa 2, na hapa kwetu joto kavu huipeperusha upesi. Kuongeza mipulizo asubuhi hakuirefushi. Utawachosha tu mnaopanda nao daladala. Beba kichupa kidogo, uongeze mchana.

Nafasi ya mwisho ni spiriti ya kinyozi. Ile ya rangi, ya kusafishia, huweza kuwa imechanganywa na methanoli, ambayo ni sumu, na haipaswi kugusa ngozi iliyochubuka. Tena spiriti inayopakwa shingoni baada ya kunyolewa haisafishi mashine iliyotoka kwa mteja mwingine. Mwambie fundi wako mapema, kwa upole: mashine isafishwe kabla, shingoni aache, balmu umekuja nayo mwenyewe.

Dukani angalia namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS. Kopo linalodai kuondoa vipele na kung'arisha uso ndani ya siku chache liache, hasa likiwa na steroidi, haidrokwinoni au zebaki, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi. Ukishanunua, paka kidogo kwenye kiwiko kwa ndani, mara mbili kwa siku, hadi wiki moja ipite. Mzio hauji papo hapo kama muwasho wa alkoholi: huchelewa siku moja au mbili, kisha upele unaowasha hutokea palepale ulipopaka.