Steam Inapakua kwa Kujikokota: Nimebadilisha Eneo la Upakuaji Mbele ya Kamera

Ndugu watazamaji, karibuni tena. Video iliyotakiwa kutoka leo ni ya mchezo wenye ukubwa wa gigabaiti 40, nami ningefurahi kuwaonyesha mchezo huo, ila kama mnavyouona kwenye skrini, unaingia kwa kasi ya kilobaiti 700 kwa sekunde. Pigeni hesabu pamoja nami: kwa mwendo huo utahitaji karibu saa 16. Basi tutauacha mchezo wenyewe kwa leo, tuchambue sehemu moja ya Steam, programu ya kununua na kupakua michezo ya kompyuta, ambayo wengi wetu huipita bila kuitazama, nayo ni ukurasa wa upakuaji pamoja na kile kisanduku cha kuchagua eneo.

Kabla hatujailaumu seva, yaani ile kompyuta ya mbali inayotutumia mchezo, tuhakikishe kwanza kwamba laini ya intaneti si mgonjwa. Nimepima kasi sasa hivi kwa kompyuta hii hii na waya huu huu, nikapata megabiti 50 kwa sekunde. Hapa ndipo watu huchanganyikiwa, kwa sababu watoa huduma hutangaza kasi kwa biti, ilhali Steam kwa kawaida huonyesha baiti, na baiti moja ni biti 8. Gawanya 50 kwa 8, utapata megabaiti 6.25 kwa sekunde, na hicho ndicho kikomo ambacho laini yangu haiwezi kukivuka hata nikibadilisha seva mara mia. Anayeona megabaiti 6 kwenye laini kama hii hana tatizo lolote. Mimi ninayeona kilobaiti 700 ninapata takriban moja ya tisa ya haki yangu.

Sasa tazameni grafu hii, ambayo kwa kweli ndiyo iliyonifanya niipende programu hii kuliko maduka mengine yote. Nguzo za bluu ni data inayotoka mtandaoni, na mstari wa kijani ni kazi inayofanywa na diski. Nguzo zangu ni fupi, na mstari wa kijani nao umelala chini, maana yake diski imekaa bure ikisubiri mzigo usiofika. Laiti ningeona mstari wa kijani umepanda juu huku nguzo za bluu zikishuka hadi sifuri, kisha zikipanda na kushuka tena, ningejua kwamba kompyuta yenyewe ndiyo iliyozidiwa, kwani michezo hushushwa ikiwa imebanwa, na kuifungua na kuiandika kwenye diski ni kazi nzito, hasa kwa diski za zamani za kuzunguka. Mwenye dalili hiyo akibadilisha eneo la seva atakuwa anatibu mguu ilhali anaumwa jino.

Dalili yangu inaelekeza njiani au kwenye seva, kwa hiyo twende kwenye mipangilio. Bonyeza neno "Steam" juu kushoto, kisha "Settings", kisha "Downloads", na hapo utaona "Download Region". Tazameni kilichoandikwa kwangu: "US - Seattle". Mimi siishi karibu na Seattle hata kidogo! Nilikuwa nimeichagua mwenyewe zamani nikifanya majaribio, nikasahau kuirudisha. Steam huchagua eneo la karibu yenyewe, lakini ukishaingiza mkono wako, chaguo lako ndilo linalobaki, hata ukihama na kompyuta yako kwenda upande mwingine wa dunia.

Umbali huumiza kwa sababu data haimiminwi kama maji ya bomba. Seva hutuma fungu, kisha husubiri taarifa kwamba limefika kabla ya kuendelea sana mbele. Safari ya kwenda na kurudi ikichukua milisekunde 20, kusubiri huko hakuonekani, lakini ikichukua 250, na njiani vipande vikapotea na kuhitaji kutumwa upya, kasi hushuka vibaya. Programu hupunguza makali hayo kwa kufungua viungo kadhaa kwa wakati mmoja, ila haiyamalizi.

Ninasitisha upakuaji, ninachagua eneo lililo karibu nami kuliko yote kwenye ramani, na programu ikiomba kuanza upya ninakubali. Kile kilichokwisha kushuka hakipotei, kwa hiyo msiogope. Ninaendelea, kisha ninasubiri dakika 2 nzima, kwa kuwa sekunde za mwanzo hudanganya. Tazameni: megabaiti 2.5, inashuka hadi 1, inapanda tena, nguzo zimekuwa kama meno ya msumeno. Ni nafuu, lakini sijaridhika.

Wengi huishia hapa, wakiamini kwamba seva ya karibu ndiyo ya mwisho kwa ubora. Kumbe njia ya data haifuati ramani ya barabara. Inategemea mtoa huduma wako ameungana na nani na wapi, na huenda data ya mji jirani ikazungukia mbali kabla ya kukufikia, au seva ya jirani ikawa imeelemewa kwa sababu ni jioni na kila mtu anashusha kiraka kilichotoka leo. Kwa hiyo ninachagua eneo la pili kwa ukaribu na kurudia kila kitu. Dakika 2 tena... na sasa angalieni nguzo zilivyojipanga: megabaiti 5.9, zimetulia kama ukuta, na mstari wa kijani umeinuka kwa kuwa diski imepata kazi. Gigabaiti 40 kwa mwendo huu ni chini kidogo ya saa 2.

Mara nyingi watu huniuliza kwenye maoni kama kubadilisha eneo hili kutashusha bei za michezo. Hapana. Eneo la upakuaji husema tu faili zitoke wapi. Nchi ya duka, ambayo ndiyo inayoamua bei, ni jambo tofauti kabisa, na kutumia VPN kuidanganya ili ununue kwa bei ya kwingine ni kinyume cha masharti ya Steam. Kwenye simu mkanganyiko huu ni mbaya zaidi, kwani Google Play na App Store hazikupi kisanduku cha kuchagua seva. Unachoweza kubadilisha huko ni nchi ya akaunti, na Google Play huruhusu hilo mara moja tu kwa mwaka, wakati Apple hukutaka kwanza umalize salio na kufuta usajili unaolipiwa. Usiguse hayo kwa ajili ya kasi.

Kwa anayejaribu maeneo matatu na yote yakatoa kasi ileile ndogo, arudi ukurasa huohuo wa "Downloads" aangalie kama hakuwahi kuweka kikomo cha kasi, halafu apime kwa waya badala ya waifai. Kosa si la eneo tena.

Tangu tubadilishe mara ya pili zimepita dakika 10 na zimeingia gigabaiti 3.5. Kamera ninaizima sasa. Nitaiwasha usiku mchezo ukishakamilika, na video yake mtaikuta kesho.