Nilivyousoma mwisho wa Peponi: uzoefu wangu

Nimemaliza kuisoma Peponi kwa mara ya pili, na kama ilivyokuwa mara ya kwanza nimeukuta ukurasa wa mwisho ukinirudisha nyuma badala ya kuniaga. Hii ni tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam waliichapisha mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Naipendekeza bila kusita kwa msomaji yeyote wa Kiswahili. Hata hivyo, wengi niliozungumza nao wameiweka chini wakiwa na swali moja tu, yaani kwa nini Yusuf anakimbia vile, na ni swali hilo ninalotaka kulishughulikia. Asiyependa kujua mwisho kabla ya kuufikia aisome kwanza riwaya yenyewe.

Yusuf ana miaka kumi na miwili hadithi inapoanza. Baba yake, mwenye hoteli ndogo katika mji wa Kawa, ameshindwa kumlipa deni tajiri Aziz, na kijana anachukuliwa kuwa rehani bila ya mtu kumweleza hivyo. Anayemfumbua macho ni Khalil, kijana mwenzake wa dukani, ambaye naye ni rehani: huyu si ami yako, ni Seyyid. Nyuma ya duka pana bustani iliyozungushiwa ukuta, na humo yumo Mzee Hamdani anayeitunza. Ndani ya nyumba wamo mke wa tajiri, mwenye alama usoni inayomtesa, na Amina, anayejulikana kuwa dada yake Khalil, ambaye tajiri amemuoa. Yusuf anakwenda bara na msafara, anarudi, anampenda Amina, na bibi wa nyumba anamtamani yeye. Kisha vinakuja vita vya Wajerumani na Waingereza. Safu ya askari ikiongozwa na afisa wa Kijerumani inapiga kambi mbele ya duka, inakamata watu, halafu inaondoka.

Sasa aya za mwisho. Yusuf anatoka nje, anaona mahali askari walipojisaidia, na anawaona mbwa wakikila kinyesi kile kwa pupa. Mbwa wanamtazama kwa jicho la pembeni na kukikinga chakula chao, kana kwamba wamemtambua kuwa ni mwenzao. Anakumbuka alivyowahi kuuona woga wake mwenyewe ukimetameta katika mbalamwezi, ungali umegubikwa na kondo lake la nyuma, na anahisi anajua utakua kuwa nini. Safu ya askari bado inaonekana kwa mbali. Hapo anasikia nyuma yake, katika bustani, sauti kama ya milango inayotiwa makomeo. Anageuka upesi, kisha anaikimbilia safu huku macho yakimwasha. Riwaya inaishia hapo.

Muhtasari mmoja niliousoma kabla ya kununua kitabu ulisema kwamba Yusuf anajiunga na jeshi la Wajerumani. Huko ni kuongeza ukurasa ambao mwandishi hakuuandika. Gurnah anatuachia kijana anayekimbia, hatuambii amefika. Wala hatuambii angepokelewa kama nani, kwa kuwa katika misafara ile ya kijeshi palikuwa na askari wenye bunduki na mshahara, na palikuwa na watu waliokamatwa vijijini ili wabebe mizigo. Yusuf ametoka kuwaona wa aina zote mbili wakipita mlangoni kwake. Kwa hiyo kila ufafanuzi ninaoueleza hapa unapaswa kuanzia kwenye kukimbia, si kwenye kuandikishwa.

Tuliisoma tukiwa watu wanne. Mmoja wetu, mwalimu mstaafu wa historia, alishikilia kwamba huu ndio uamuzi wa kwanza wa Yusuf katika kitabu kizima. Alitutaka tuhesabu vitenzi: Yusuf anapelekwa, anaachwa kwa Hamid, mwenye duka mlimani, anachukuliwa msafarani, anaitwa ndani na bibi. Watu wanamhamisha kama mzigo, na uzuri wa sura yake unawafanya wote wamtake. Ni katika sentensi ya mwisho tu ambapo miguu yake inakwenda bila ya mtu kuituma. Mwalimu alikumbusha pia kwamba tajiri amekwisha kumwambia kuwa baba yake amefariki na mama yake hajulikani alipo. Kawa si kwao tena, na mtu asiye na pa kurudi hukimbilia mbele. Ni hoja yenye nguvu. Udhaifu wake ni kwamba huko mbele kuna bwana mwingine tu. Tulikwisha kumwona afisa wa Kijerumani kwa Chatu, mtawala wa huko bara, akiamuru mali ya msafara irudishwe na watu wakitii. Kama huu ni uhuru, basi ni uhuru wa kuchagua anayemiliki zaidi.

Mwenzetu wa pili, mama anayesomesha madrasa, alilisikia jina Yusuf kabla ya kusikia kitu kingine chochote. Bila yeye nisingeuona mwisho huu ulivyo mzito. Sisi sote tulikwisha kuitambua Sura Yusuf pale bibi anapompasua kijana shati kwa nyuma, na kijana mwenyewe anapojitetea mbele ya tajiri kwamba shati lililopasuka mgongoni ni dalili ya aliyekuwa akikimbia. Ni ushahidi uleule wa aya ya 26 hadi ya 28. Ila yeye alituuliza kitu ambacho hatukukifikiria: "Wanangu, na milango je?" Akatukumbusha aya ya 23, ambamo mwanamke anaifunga milango kwanza ndipo anapomwita Yusuf. Sauti ya milango katika kisa hicho ni sauti ya kutegwa. Na katika aya ya 33 Nabii Yusuf anamwomba Mola wake akisema kwamba jela inapendeza zaidi kwake kuliko lile analoitiwa. Kwa hivyo, alisema mama yetu, kijana wa Kawa hakimbilii uhuru wala Wajerumani. Anaichagua jela, kwa sababu ndani ya ukuta ule pana jambo baya zaidi kuliko jela.

Nilikaa na maneno hayo siku kadhaa. Yanaeleza jambo ambalo usomaji wa mwalimu haulielezi, yaani kwa nini mwandishi aliweka sauti ya milango kabla ya mbio. Hata hivyo yana pengo, na mama mwenyewe alilikubali. Nabii Yusuf anaikimbia dhambi. Yusuf wa riwaya anamtaka Amina, ambaye ni mke wa mtu, na anapokimbia anamwacha yeye pia humo ndani. Tena kisa cha Kurani kinaendelea: jela inafungua njia ya madaraka Misri, na mzazi anamwona tena mwanawe. Hapa baba amekwisha kufa na kisa kimekatwa jela haijafika. Anayetumaini kwamba yanayofuata katika sura yatafuata pia katika maisha ya kijana huyu anatumaini kwa imani yake, wala kitabu hakimzuii.

Wa tatu wetu aliusoma mwisho huu kwa uchungu, na yeye alisimama kwa wale mbwa. Kwake Yusuf anashindwa. Ametambuliwa na mbwa kuwa mla kinyesi, naye anakubali, halafu anaufuata mkono uliokitupa chakula kile. Alisema kwamba wasomaji wengi huruka aya ya mbwa kwa sababu inachukiza, wakaishikilia milango kwa sababu ni nzuri. Nadhani alituonya vizuri. Aya ya mbwa ni ndefu kuliko sentensi ya milango, na ndiyo pekee inayotupeleka ndani ya mawazo ya Yusuf mwenyewe. Usomaji wowote usioweza kuieleza haujausoma mwisho, umesoma nusu yake.

Mimi nasimama wapi? Niliuandika mfuatano wa mambo katika karatasi: mbwa, woga unaokumbukwa, safu ya askari bado inaonekana, sauti, kugeuka, kukimbia. Yusuf hakimbii alipoiona safu, anakimbia baada ya sauti. Kwa hiyo naona anakimbia kutoka mahali kuliko kwenda mahali. Ndiyo maana nasita kuuita uamuzi wa kwanza wa maisha yake, ingawa sisemi hakuamua kitu. Pia Gurnah hakuandika kwamba milango ilitiwa makomeo. Aliandika kwamba ilisikika sauti mfano wake, na hakumtaja mfungaji. Huenda kuna mtu ndani ya bustani amejifungia kwa hofu ya vita, jambo la kawaida kabisa siku kama ile. Huenda hakuna mlango uliofungwa, na sauti imetoka katika kichwa cha kijana ambaye tangu utotoni anaogopa kuachwa. Ukishika la kwanza, amefukuzwa peponi. Ukishika la pili, anajifukuza mwenyewe. Neno dogo "kama" linazibeba njia zote mbili, na kila nilipojaribu kuchagua moja nilijikuta nikilifuta neno hilo.

Nikimlinganisha na Mzee Hamdani nauona ugumu wake zaidi. Mzee yule alipewa uhuru akaukataa, akihoji ni nani aliyekuwa na haki ya kumpa kitu hicho kama zawadi. Anabaki kwenye maji na miti yake, na mwandishi hamdharau. Khalil naye anabaki kwa ajili ya Amina. Kubaki katika kitabu hiki si utumwa mtupu, kama ambavyo kuondoka si uhuru mtupu, na ndiyo sababu sikubaliani na anayemsifu Yusuf kwa kuondoka tu.

Wapo wanaosema jibu limo katika riwaya ya baadaye ya Gurnah, Afterlives ya mwaka 2020, ambamo Hamza, kijana aliyewahi kuwekwa rehani kwa tajiri, anajiunga na askari wa Kijerumani kwa hiari na kuteseka huko. Nimeisoma. Inafaa kuisoma baada ya hii, kwani inaonyesha mbio za namna ile huweza kumfikisha mtu wapi. Lakini Hamza si Yusuf, na mwandishi ambaye angetaka kutumalizia hadithi angemwachia jina lake.

Kwa atakayeinunua nina shauri moja la kusoma. Ukimaliza ukurasa wa mwisho, usikifunge kitabu. Rudi kwenye ule usiku wa siku za mwanzo za Yusuf pale dukani, alipolala nje barazani pamoja na Khalil na mbwa wakaja gizani kumtazama. Mimi nilipousoma usiku ule mara ya kwanza niliuchukua kuwa hofu ya mtoto mgeni. Mara ya pili nilijikuta nikitafuta ni nani kati yao anayemtambua mwenziwe, na nikaona kwamba tangu hapo kijana amelala upande wa nje wa mlango.