Njaa Karamoja: kuhesabu magunia au kuhesabu uwezo wa kununua?

Njaa ya Karamoja, eneo la wafugaji kaskazini mashariki mwa Uganda, inaweza kuchunguzwa kwa mitazamo miwili. Mtazamo wa kwanza hupima chakula kilichopo: mavuno, akiba na kinachoingia, kisha hugawanya kwa idadi ya watu. Unafaa mkulima anayekula alicholima. Lakini wastani huo haumwoni mfugaji.

Mtazamo wa pili, wa stahiki, ulioelezwa na mwanauchumi wa India Amartya Sen mwaka 1981, huuliza kaya inaweza kupata nini kihalali kwa mazao yake, mali yake, kazi yake au misaada. Kwa njaa ya 1943 katika jimbo la Bengali, India, Sen alionyesha kuwa chakula kilizidi cha 1941, mwaka ambao hakukuwa na njaa kuu. Vibarua wa vijijini walikufa kwa sababu bei ya mchele iliuacha mbali ujira wao.

Tuchukue hesabu ya mfano Moroto, ndani ya Karamoja. Mbuzi akiuzwa shilingi 100,000 na kilo ya mahindi ikiwa 1,000, mfugaji anapata kilo 100. Ukame ukija, wengi huuza pamoja mifugo iliyokonda: mbuzi 60,000, mahindi 2,000. Sasa ni kilo 30, hata kama maghala ya Mbale, mji ulio nje ya Karamoja, yamejaa. Takwimu za mavuno ya nchi hazitaonyesha hatari hii. Uwiano wa bei mnadani utaionyesha mapema.

Hapo msaada wa fedha taslimu hufaa, mradi wafanyabiashara waweze kuleta nafaka. Barabara ikikatika, fedha hupandisha bei tu, na chakula chenyewe ndicho kinachohitajika. Mtazamo wa stahiki nao una pengo: wizi wa mifugo hauingii vizuri katika hesabu ya umiliki halali.