Dawa ya sikio nzuri, chupa yake balaa

Niseme ukweli kwanza: kwa sikio, dawa hii inafanya kazi. Sikio la mwanangu lilikuwa linawasha na kutoa majimaji, na baada ya siku chache likatulia. Ningeishia hapo ningeipa nyota nne. Lakini sikuja kusifu.

Wiki chache zilizopita, usiku, mama yangu alinyoosha mkono kuchukua dawa yake ya macho. Amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, kwa hiyo matone kwake ni jambo la kila siku. Alichoshika ni hii ya sikio. Chupa zote mbili ni nyeupe, ndogo, za plastiki laini, zina mfuniko uleule wa buluu na ncha ileile ya kudondoshea, na zimetoka kampuni moja. Tone moja tu, akapiga kelele.

Anayejua kilichomo ndani ya chupa ile haulizi kwa nini alipiga kelele. Ni asidi ya asetiki, ile inayoipa siki ukali wake, asilimia 2, ndani ya propilini glaikoli, kimiminika kizito kinachong'ang'ania kinapogusa. Sikioni asidi hiyo ndiyo inayofukuza fangasi na bakteria. Jichoni inaunguza. Dawa ya macho hutengenezwa isiwe na kijidudu hata kimoja na ikaribiane na machozi, wakati za sikio nyingi hazilazimiki hivyo. Ndiyo maana daktari anaweza kukuandikia dawa fulani ya macho uitie sikioni, lakini kinyume chake hapana. Na watu wakishasikia habari ya kwanza hudhani njia inapitika pande zote mbili.

Tulimwinamisha kwenye bomba, maji safi yakapita jichoni kwa zaidi ya dakika 15 huku nikimshikilia kope zisifunge. Alikuwa anasema, "Mwanangu basi, inatosha," nami nikaendelea. Hospitali tulikwenda na chupa yenyewe mkononi, kwa sababu daktari anataka kujua kilichoingia, si kusimuliwa. Akaweka rangi ya manjano jichoni, akamulika kwa taa ya buluu, na sehemu zilizochubuka za konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, zikang'aa kijani. Bahati yetu ilikuwa michubuko ya juu juu, na tabaka la juu la konea hujirudisha haraka. Kufikia siku ya tatu hivi alikuwa anaona kama kawaida.

Sasa kilichonipandisha hasira. Nilirudi duka la dawa na chupa zote mbili nimuonyeshe muuzaji. Akazitazama, akasema, "Dada, si imeandikwa?" Nikamwambia, "Kaka, nisomee." Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akaipeleka kwenye mwanga! Kijana mwenye macho mazima! Ndipo akasoma: kwa matumizi ya sikio tu. Hakuniomba radhi. Akanirudishia chupa kama vile nimempotezea muda.

Ndiyo, imeandikwa. Jina la kampuni limejaa mbele. Jina la dawa linafuata. Neno lenyewe, sikio, lipo ubavuni, kijivu juu ya nyeupe, na kwa kuwa chupa ni ya duara sentensi inazunguka nyuma, huwezi kuimaliza bila kuigeuza. Kwenye boksi kuna picha ya sikio, safi kabisa. Ila boksi hutupwa siku ya kwanza, na dawa hutumika kwa wiki. Na mtumiaji wa dawa ya macho ni nani? Ni mtu ambaye macho yake yana shida! Maandishi haya madogo wamemwandikia yeye!

Watasema chupa ni ya mililita 10, nafasi haitoshi. Nafasi ya nembo ilipatikana. Wangepunguza nembo, wakaandika SIKIO kwa herufi nene nyeusi mbele, basi. Au wabadili rangi ya mfuniko, ingawa rangi peke yake siiamini, maana mtu huweza kuchanganya mifuniko wakati chupa zote zimefunguliwa.

Kwa sasa nimebandika plasta pana kwenye kila chupa na kuandika kwa kalamu ya wino mzito, ya macho iko kwenye droo ya mama, ya sikio kabati lingine kabisa. Pia namnusisha kabla hajadondosha: hii ya sikio inanuka siki. Lakini hiyo inasaidia kwa dawa hii tu, dawa nyingine za sikio hazina harufu hiyo.

Nilianza kuandika nikifikiria nyota mbili, kwa ajili ya sikio la mtoto. Nimeitazama tena ile lebo sasa hivi, miwani nimevaa, taa inawaka. Moja. Na hiyo moja ni ya dawa, chupa haina kitu.