TAHADHARI: Jamaa anayeuza kirikuu na magari madogo Mtwara kwa kadi ya jina la mtu mwingine

Ndugu zangu wa Kusini habari za saa hizi, hii ni ndefu kidogo ila kama una hela ya korosho mfukoni na unawaza kununua gari la mkononi tafadhali soma mpaka chini maana mimi nimeshapigwa na sitaki mwingine apite nilipopita.

Mwaka jana mwezi wa 11 baada ya malipo ya mnada kuingia nikawa natafuta kirikuu ya kubebea mizigo ya magulio. Nikaunganishwa na jamaa mmoja hapa Mtwara mjini, mtu mzima, mchangamfu, anakuita kaka mkubwa kila baada ya neno, ukimwona huwezi kumdhania. Kirikuu yenyewe ilikuwa safi kwa kweli, injini imetulia, bodi haina kutu sana, na bei mil 8 na nusu wakati za aina ile watu walikuwa wanataja mil 10 kwenda juu. Hapo ndipo akili yangu ilipolala.

Nikaomba kadi, akatoa kadi orijino, sio kopi. Nikaangalia namba ya gari, sawa. Nikafungua, nikasoma chesisi namba moja baada ya nyingine nikilinganisha na kadi, sawa. Kwahiyo kadi haikuwa feki na gari halikuwa limebandikwa namba za gari lingine, mambo yote ambayo watu huwa wanatuonya nilikuwa nimeyaangalia. Ila jina kwenye kadi halikuwa lake. Nikamuuliza, akacheka, "Ah kaka mkubwa hiyo kawaida, mimi nilinunua kwa mzee mmoja wa Masasi, sijahamisha tu kukwepa gharama mara mbili, wewe ukinunua tunahamisha moja kwa moja kutoka kwa mzee kuja kwako." Afu akatoa mkataba wa mauziano kati ya mzee na yeye, wa tarehe 6 mwezi wa 3, una saini ya mzee, muhuri wa wakili, na kopi ya kitambulisho cha mpiga kura cha mzee imefifia mpaka sura haionekani. Na fomu ya kuhamisha umiliki, upande wa muuzaji umeshasainiwa, upande wa mnunuzi mtupu, yaani mimi ni kujaza jina langu tu.

Hicho ndicho kilinimaliza, ile fomu. Nikaona mbona kila kitu kimekamilika. Nikampa mil 7 taslimu, mil 1 na nusu tukakubaliana nimalizie kadi ikitoka kwa jina langu, na nikajiona mjanja kwa kubakiza hiyo hela. Tukaandikiana na sisi mkataba wetu, shahidi shemeji yangu.

Wiki mbili baadae nikaenda TRA na makaratasi yangu yote. Yule dada wa kaunta akaweka namba ya gari kwenye mfumo, akasoma, akaniuliza, "Kaka, mwenye jina hili ndio amekuuzia?" Nikamwelezea ile hadithi. Akaniambia kitu ambacho ningekijua mapema nisingekuwa naandika hapa, kwamba kwenye mfumo mmiliki ni yule aliyeandikwa na si mwingine, mkataba unaoonyesha fulani alimuuzia fulani haujamfanya huyo wa pili kuwa mmiliki wa kukuuzia wewe mpaka umiliki uhamishwe, na kila mauziano yana stempu yake na ada yake, hakuna kuruka ngazi. Akasema mlete mwenye jina aje na kitambulisho chake na TIN yake.

Nikampigia jamaa, simu inaita haipokelewi. Kesho yake haipatikani. Nikafunga safari Masasi kumtafuta mzee kwa jina lililo kwenye kadi, nikauliza uliza mpaka nikafika nyumbani kwake. Nikakaribishwa vizuri, nikaeleza shida yangu, wakaanza kuangaliana. Mzee amefariki mwezi wa 1. Ule mkataba wake na jamaa una saini yake ya mwezi wa 3.

Kumbe jamaa alikuwa dereva wa mzee, msiba ulipotokea gari lilikuwa mkononi mwake na kadi ilikuwa kwenye dashibodi, akasepa navyo. Familia walisharipoti polisi, ila gari ilikuwa huku mjini inapaki uani kwa mtu. Na muhuri wa wakili nao, tulipokuja kulitafuta hilo jina kwenye e-Wakili ule mfumo wa Mahakama, halipo kabisa. Dakika mbili tu za simu ningezitumia siku ile ile, sikuzitumia.

Sasa wapo watakaosema si ulinunua kwa nia njema, gari yako. Hapana. Asiye na mali hawezi kukuhamishia umiliki asiokuwa nao, ndio msimamo wa sheria ya mauziano ya bidhaa, Sura ya 214, labda mwenye mali awe amemruhusu. Kirikuu ikazuiwa kituoni kama kielelezo, nikabaki na RB na deni la mil 2 nililokopa kuongezea. Mke wangu alisema toka mwanzo kwanini mtu auze chini ya bei akiwa hana shida, nikamwambia mambo ya magari hayajui, basi tuyaache hayo.

Mimi nimeponea kwa uungwana wa ile familia. Walikaa kikao, wakaandika muhtasari, wakachukua cheti cha kifo, wakaenda mahakama ya mwanzo na binti mkubwa wa marehemu akateuliwa msimamizi wa mirathi. Ile barua ya usimamizi, wenyewe wanaita fomu namba 4, ndiyo inayompa mtu nguvu ya kuuza gari la marehemu, sio kuwa mtoto wake wala mjane wake wala kushika kadi. Lilipotoka kituoni wakanionea huruma wakaniuzia mil 6. Kwahiyo kirikuu ya mil 8 na nusu imenigharimu mil 13. Piga hesabu mwenyewe.

Ila safari hii niliona jinsi mambo yanavyotakiwa kwenda, na nieleze hapa maana ndipo penye faida. Tulienda kwanza TRA na dada msimamizi kabla sijatoa hata mia, tukaomba watuthibitishie jina, chesisi, injini na rangi ya gari kama vilivyo kwenye mfumo, na kama hakuna zuio wala jina la benki pembeni ya jina la mwenye gari (gari ikiwa imewekwa dhamana ya mkopo benki huwa inaandikwa nayo kwenye kadi, na haihami mpaka benki itoe barua ya kuiachia). Tukaangalia na deni la trafiki kwenye tms.tpf.go.tz kwa namba ya gari, zikakutwa faini 2 za elfu 30, yule jamaa alizipata akiendesha, zikalipwa kwanza. Usipoangalia hilo faini zinabaki kwenye namba ya gari na wa kusimamishwa barabarani ni wewe.

Ndipo tukaenda kwa wakili, wote wawili kwa miguu yetu. Yeye na barua ya usimamizi, cheti cha kifo, NIDA na TIN. Mimi na NIDA, TIN na picha ndogo za pasipoti. Mkataba ukaandikwa namba ya gari, chesisi, injini, bei kamili, na hela nikaiingiza benki kwenye akaunti yenye jina la msimamizi, risiti ikaambatanishwa. Hii ya benki msiichukulie poa, kama jina la akaunti na jina la kwenye kadi au kwenye barua ya mahakama haviendani simama hapo hapo, kwa taslimu yule jamaa alinimaliza kwa sababu taslimu haina jina.

Tukarudi TRA na kadi orijino, mkataba, vitambulisho na fomu ya kuhamisha tukajaza pale pale kila mtu upande wake. Gharama ni hizi, stempu asilimia 1 ya bei ya kwenye mkataba, kwangu mil 6 ikawa elfu 60, ada ya kuhamisha gari elfu 50, kadi mpya elfu 10, jumla laki 1 na elfu 20 kwa kontro namba. Pikipiki na bajaji ada yake ni elfu 27 badala ya 50. Yaani "gharama" ambayo jamaa alidai anaikwepa ni hiyo. Mtu anayeuza kitu cha mamilioni anakimbia laki na kidogo, kuna kitu kingine anakikimbia.

Na nyie wauzaji mnaosema ukishapokea hela shughuli imeisha, nina rafiki Newala aliuza Noah akamkabidhi mtu kadi na fomu aliyosaini tupu, akaondoka. Mwaka mzima faini zinasoma jina lake, na siku Noah ilipogonga mtu polisi walimpigia yeye. Mpelekeni mnunuzi TRA wenyewe, msisaini fomu tupu, mbaki na kopi ya mkataba na ya kitambulisho chake. Wazee wengi vijijini wanakwama kwa sababu hawana TIN, TIN haiuzwi, ukiwa na namba ya NIDA unaipata bure. Na bima ya muuzaji usiitegemee, kata ya jina lako kabla hujatoka na gari barabarani.

Sasa huyu jamaa. Hajakamatwa mpaka naandika hivi. Mrefu wa wastani, ndevu kidogo zenye mvi, anatembea na begi dogo la ngozi begani lenye makaratasi, na anapenda mkutane kwanza kwenye kijiwe cha chai sio nyumbani kwake. Wiki iliyopita mtu amenitumia picha wasap kutoka Lindi, Probox nyeupe, bei ya kutupa, kadi orijino ya jina la mwanamke na fomu iliyosainiwa upande mmoja. Sauti kwenye meseji ile ile ya kaka mkubwa. Kama wewe ndio umeonyeshwa hiyo Probox usimfukuze, mwambie unaenda kuchukua hela benki, alafu nenda kituo cha polisi kilicho karibu na utaje RB iliyofunguliwa Mtwara, nikutumie namba yake inboksi.