Mashine ya Kufulia Inakata Umeme: Inakatia Wapi?

Habari zenu. Hii hapa nyuma yangu ni mashine ya kufulia ya kilo 7, ya mlango wa mbele, imetumika miaka minne. Mwenyewe ameniletea akisema, "Kaka, ikifika katikati nyumba nzima inazimika." Nikamuuliza swali moja: inazimika ikiwa inapasha maji, au ikiwa inakamua? Akasema hajui. Basi tuanzie hapo, maana jibu la swali hilo ndilo litakalokuambia ufungue wapi.

Kwanza nenda kwenye boksi la breka uone iliyoanguka ni ipi. Kuna ile kubwa yenye kitufe cha T na maandishi 30mA. Hiyo inaanguka umeme ukivuja, yaani ukipita njia isiyo yake kwenda ardhini. Halafu kuna zile ndogo, 16 au 20, zinazoanguka mzigo ukizidi au waya zikigusana. Hita ya mashine hii ni wati 2000, kwa volti 230 inakula karibu ampea 9. Peke yake haiangushi breka ya 16. Lakini kama birika la umeme liko kwenye laini hiyohiyo, linakula ampea 9 nyingine, na breka ndogo ikianguka baada ya muda usiilaumu mashine.

Ya huyu bwana inaanguka ile kubwa. Nikaiwasha kwa maji baridi, ikafua, ikakamua, ikamaliza bila shida. Nikaiweka nyuzi 60: ikajaza maji, ikazungukazunguka, na ilipoanza tu kupasha, tap! Giza. Nikarudia, ikakata palepale. Sasa hapo mshukiwa wa kwanza ni hita.

Nimechomoa plagi, si kuzima swichi tu, nikafungua mfuniko wa nyuma. Mnaiona hita hapa chini ya pipa. Nimetoa waya zake mbili na ule wa athi. Nikipima ncha kwa ncha napata omu 27. Hiyo ni nzima kabisa, na hapa ndipo mafundi wengi wanapoifungia, wanasema hita haina tatizo. Hebu tuendelee. Naweka ncha moja ya mita kwenye pini ya hita, nyingine kwenye bomba lake la chuma. Hapa mita isisome kitu. Yangu inasoma kiloomu 6. Gawa 230 kwa 6,000, ni kama miliampea 38. Breka yako inakata kabla ya 30 kupita. Umeiona sababu?

Ndani ya lile bomba kuna unga mweupe unaotenganisha waya wa moto na chuma. Chuma kikipasuka, unga unanyonya maji. Angalia gamba hili la chokaa. Wanatumia maji ya kisima. Chokaa likijaa, hita haiwezi kutoa joto lake vizuri, chuma kinaungua na kupasuka. Na mita ikikusomea safi, usiiamini moja kwa moja, kwa sababu inapima kwa volti chache za betri. Fundi mwenye mega, kile kipimo cha uvujaji kinachosukuma volti 500, ataona kinachofichika.

Sasa kama yako inapasha vizuri ila inakata ikianza kukamua, acha hita. Tazama mota. Mota ya zamani ina kaboni mbili, zinasagika na kutoa vumbi jeusi, na vumbi hilo linapitisha umeme. Likichanganyika na unyevu, umeme unafika kwenye bodi ya chuma ya mota. Kaboni zikibaki chini ya sentimita 1.5 zibadilishe, na vumbi lote lisafishwe. Kama pipa linanguruma na nyuma yake kuna michirizi ya kutu, sili ya beringi imekwisha, maji yanarushiwa mota.

Jaribu pia kukamua pipa likiwa tupu. Likipita tupu, lakini likikata likiwa na mashuka yaliyojikusanya upande mmoja, fuatilia waya zinazoelekea kwenye pipa. Pipa likiruka, waya iliyochunika inagusa chuma.

Ninawaomba sana: kuna wanaoambiwa wakate waya wa athi ili breka isianguke. Usikubali. Uvujaji unabaki, ila sasa unasubiri mkono wenye maji uguse bodi.

Kama mashine, naipa alama nzuri kwa jambo moja: mfuniko wa nyuma una skrubu sita tu na hita inachomoka bila kugusa pipa. Ukienda kununua iliyotumika, mwambie muuzaji aiwashe nyuzi 60 mbele yako, kwenye soketi yenye breka ya 30mA, na umwambie asiruke kukamua. Hita mpya nimeshafunga. Haya, naiwasha tena nyuzi 60... imejaza... inapasha. Gusa kioo cha mlango, kimeshika joto, na taa bado zinawaka.